Mzigo huvuka Busia salama, hatari huusubiri Kamwokya jioni

KAMPALA

Saa 12:40 jioni, Barabara ya Kira inayopanda kutoka Jumba la Makumbusho la Uganda kuelekea Kamwokya huwa mstari mmoja mrefu wa taa nyekundu. Mpiga picha akikaa ukingoni na kuifungua kamera yake kwa sekunde moja au mbili, taa hizo hugeuka kuwa nyuzi za mwanga na majengo ya nyuma hupotea kama ukungu. Katikati yake yupo mwendesha bodaboda mwenye sanduku la mizigo mgongoni mwa pikipiki, akijipenyeza kati ya teksi na lori.

Picha za namna hiyo hupendwa sana. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hata hivyo, kilichomo ndani ya sanduku lile ndicho muhimu kuliko mwanga. Huenda ni mali yake, iliyolipiwa Busia au Malaba, ikakaguliwa, ikagongewa muhuri na kusafirishwa karibu kilomita 200. Sasa imebakiza kilomita nne au tano, na hapo ndipo inapopita mikononi mwa mtu ambaye hana karatasi yoyote ya mzigo, katika saa mbaya kuliko zote za siku.

Kwa miaka mingi juhudi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilielekezwa mpakani, na matunda yake yanaonekana. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na foleni zilizokuwa zikila siku nzima zimepungua. Lakini hasara ya mfanyabiashara mdogo haikuisha. Sehemu yake imehamia mwisho wa safari, mahali ambapo hakuna afisa wa forodha, wakala wala muhuri.

Kwa nini mizigo hufika jioni

Jambo hili halitokani na bahati mbaya. Linatokana na saa za kazi, umbali wa barabara na jua.

Mfanyabiashara anayevusha mali asubuhi Busia humaliza shughuli za forodha kabla ya adhuhuri ikiwa mambo yamekwenda vizuri. Gari analolipakia mzigo huondoka mchana, likapita Bugiri, Iganga na Jinja, kisha msitu wa Mabira, Lugazi na Mukono. Kwenye ramani safari hiyo ni ya saa nne. Mwendo huharibika kuanzia Mukono, ambako magari ya mashariki hukutana na msongamano wa Kampala. Basi mzigo uliotoka mpakani saa sita au saa saba mchana hushushwa katikati ya jiji kati ya saa 11 na saa 12 jioni.

Wakati huohuo mnunuzi wa Kamwokya anafunga ofisi au anarudi dukani kwake. Anataka mzigo uletwe akiwepo, na mara nyingi hana fedha kamili mpaka amalize mauzo ya siku. Kwa hiyo yeye pia huchagua jioni.

Jua nalo lina desturi yake. Katika miji iliyo mbali na Ikweta, machweo huhama na msimu. London, kwa mfano, jua huzama kabla ya saa 10 jioni mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni, kwa hiyo kwa miezi mingi watu hurudi nyumbani kungali mwanga. Kampala iko karibu kabisa na Ikweta. Hapa jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 mwaka mzima, na giza huingia upesi, kwa takriban dakika 20 tu baada ya jua kuzama. Dakika hizo 20 huangukia katikati ya msongamano wa kurudi nyumbani kila siku ya kazi, Januari hadi Desemba.

Serikali ya Uganda iliwahi kuifanya saa hiyo kuwa mpaka. Wakati wa janga la korona, bodaboda zilikatazwa kubeba abiria kuanzia Machi 2020 na kuachiwa mizigo tu. Ziliporuhusiwa tena kubeba abiria Julai 27 mwaka huo, ziliamriwa ziwe zimeondoka barabarani ifikapo saa 12 jioni. Sababu zilikuwa nyingine, za ugonjwa na ulinzi. Lakini amri zile zilipokwisha, saa iliyokuwa imekatazwa ikarudi kuwa saa ya mapato makubwa kuliko zote.

Macho, taa na sanduku

Giza la usiku kamili lina hatari zake, ila angalau kila mtu amewasha taa na macho yameshazoea. Machweo ni tofauti. Anga bado lina mwanga, barabara tayari ina kiza. Jicho la mwanadamu likitoka kwenye mwanga huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, muda ambao ni sawa na machweo yenyewe. Dereva anayemulikwa na taa za gari linalokuja mbele hupoteza hata ule uzoefu mdogo alioupata, akaanza upya. Madereva wengine huchelewa kuwasha taa kwa kuwa wao wenyewe bado wanaona mbele, wakisahau kwamba taa ni ya kuonekana pia.

Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Mwendeshaji akiinamia simu iliyofungwa kwenye usukani kwa sekunde mbili ili aone njia, amepita mita 22 bila kuitazama barabara. Akiona kizuizi, kutambua na kukaza breki mpaka asimame humchukua zaidi ya mita 25 barabara ikiwa kavu. Ikiwa imelowa, umbali huo huongezeka sana.

Sanduku nalo linabadilisha pikipiki. Bodaboda nyingi za Kampala ni za aina ya Bajaj Boxer au zinazofanana nayo, na zimeundwa kubeba uzito kati ya magurudumu mawili. Sanduku zito likifungwa nyuma kabisa, kupita ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi. Usukani huyumba na breki ya mbele haishiki vizuri. Mzigo ulioachwa ucheze ndani ya sanduku huivuta pikipiki upande mmoja kila inapokata kona. Na sanduku lililoning'inia chini hufunika taa ya nyuma, kiasi kwamba gari linalofuata haliioni pikipiki mpaka limeikaribia.

Mambo haya mfanyabiashara anaweza kuyaona kwa macho kabla ya kukabidhi mzigo. Amwombe mwendeshaji akaze breki, kisha asimame hatua kumi nyuma ya pikipiki na kuangalia kama taa inaonekana. Alitikise sanduku asikie kama kilichomo kinacheza. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika moja.

Hatari yenyewe ni kubwa. Takwimu za polisi ya Uganda zinaonyesha kwamba watu 5,144 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2024, kutoka 4,806 mwaka uliotangulia, na waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya waliopoteza maisha.

Hesabu ya mwendeshaji

Wafanyabiashara wengi hulalamika kwamba waendeshaji wana haraka isiyo na maana. Haraka hiyo ina maana yake, nayo huonekana kwenye hesabu.

Chukua mfano wa mwendeshaji asiyemiliki pikipiki. Tuseme analipa Sh12,000 za Uganda kwa siku kwa mwenye pikipiki au kampuni iliyomkopesha, Sh12,000 nyingine za petroli, na Sh6,000 za chakula na simu. Hizo ni Sh30,000 kabla hajapeleka chochote nyumbani. Tuseme safari moja inaleta wastani wa Sh4,000, na aplikesheni au dalali anayempa kazi anakata asilimia 15. Anabaki na Sh3,400 kwa safari.

Kwa hesabu hiyo, safari tisa za kwanza zinakwenda kulipa gharama. Mchana wa kawaida, wenye kusubiri kwingi, unaweza kumpa hizo tisa na usimpe zaidi. Safari nne au tano za jioni ndizo zinazomlisha yeye na watoto wake. Kwa maneno mengine, anafanya kazi ya mwenye pikipiki kutwa nzima, na ya nyumbani kwake kuanzia machweo.

Ndiyo maana kumsubirisha dakika 20 jioni si jambo dogo kwake. Ni safari moja iliyopotea, yaani robo au sehemu ya tano ya mapato ya familia siku hiyo. Atakachofanya ni kuzifidia dakika hizo barabarani, na sanduku lenye mzigo wa mtu limo nyuma yake.

Mtaa usio na namba

Kamwokya inaongeza ugumu wake. Upande mmoja ina barabara kubwa, maduka ya kisasa na ofisi zinazoelekea Kololo na Kisementi. Upande mwingine ina vichochoro vilivyobanana vinavyoshuka bondeni, vyenye vibanda, karakana, saluni na maghala madogo, na mifereji inayofurika mvua ikinyesha. Nyumba nyingi za huko hazina namba zinazotumika. Watu huelekezana kwa soko, kanisa, msikiti au mti.

Mnunuzi akituma lokesheni kwa simu, alama mara nyingi huangukia barabara kubwa iliyo karibu na wala si kwenye mlango wake. Mwendeshaji hufika kwenye alama, akasimama ukingoni mwa Barabara ya Kira au ya Mawanda gizani, akatoa simu na kupiga. Hapo mambo matatu hukutana: yuko mahali magari yanapogeukia, macho yake yamo kwenye kioo chenye mwanga mkali, na simu na mzigo wake vimeonekana na kila apitaye. Mnunuzi asipopokea simu mara ya kwanza, hali hiyo huendelea kwa dakika kadhaa.

Dawa yake ni rahisi kuliko teknolojia. Maelekezo ya maneno yanayoanzia mahali panapojulikana na kila mtu, kwa mfano soko la Kamwokya au kituo cha polisi cha Barabara ya Kira, na namba ya simu ya mtu wa pili atakayepokea. Maelekezo hayo yapelekwe kabla mwendeshaji hajaondoka mjini, ayasome pikipiki ikiwa imezimwa.

Karatasi zinapoishia

Mali inapovuka Busia huwa na nyaraka. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasilia papo hapo mpakani, na mwenyewe hasamehewi kodi nyingine za ndani ila haguswi na ushuru wa forodha. Gari linalovuka lina bima, na wengi wanaijua kadi ya manjano ya COMESA. Kampuni ya basi hutoa risiti ya kifurushi.

Mzigo ukishashushwa Kampala, mnyororo huo unakatika. Kadi ya manjano inahusu gari lililovuka mpaka na madhara litakayowafanyia watu wengine, na haifuati kifurushi kilichohamishiwa kwenye pikipiki. Bima ya lazima ya pikipiki nchini Uganda ni ya mtu wa tatu, kwa ajili ya kifo au majeraha ya mwili. Kiatu kilicholowa au chupa iliyovunjika ndani ya sanduku haimo.

Nayo sheria ya usafirishaji wa vifurushi ina mipaka ya kitaifa. Uganda, leseni za kazi hiyo hutolewa na Tume ya Mawasiliano, UCC. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na Tanzania ni TCRA. Msafirishaji mwenye leseni hujulikana, ana ofisi na anaweza kushtakiwa kwa mdhibiti. Mwendeshaji aliyeitwa kutoka stendi na mtu wa dukani hana uhusiano wowote na mfumo huo. Mzigo ukipotea, kinachobaki ni namba ya simu, ambayo huenda isipatikane kesho yake.

Kampuni za aplikesheni zilijaribu kuziba pengo hilo, nazo zimeleta nafuu: jina la mwendeshaji, namba ya pikipiki na kumbukumbu ya safari. Lakini mfanyabiashara asijenge njia yake yote juu ya kampuni moja. SafeBoda, iliyoanzia Kampala mwaka 2014, iliingia Nairobi mwaka 2018 na kuondoka mwishoni mwa 2020. Jumia ilishirikiana na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, mwaka 2020 kuwaunganisha wachuuzi wa masoko ya Kampala na wateja wao wakati wa karantini. Desemba 2023 ikatangaza kufunga huduma yake ya chakula, Jumia Food, Uganda, Kenya na nchi nyingine ilimokuwa. Waliokuwa wamehifadhi orodha ya wateja wao ndani ya aplikesheni peke yake walilazimika kuanza upya.

Mfano wa jozi 24

Njia ya kuyapima haya yote ni kufuata mzigo mmoja. Tuseme mama mmoja wa Busia anamtumia mwenye duka wa Kamwokya jozi 24 za viatu vya ngozi vya watoto vilivyotengenezwa Kenya, kila jozi Sh40,000 za Uganda. Thamani yote ni Sh960,000. Mzigo unafika mjini saa 11:45 jioni ukiwa ndani ya boksi la karatasi. Nauli ya bodaboda hadi Kamwokya ni Sh6,000, na malipo yamepangwa kufanyika mzigo ukipokelewa.

Mvua inaanza. Mwendeshaji anafika saa 12:50, anapiga simu, mwenye duka anahudumia mteja na hapokei. Dakika 15 zinapita. Boksi, ambalo halikuingia vizuri sandukuni, limelowa upande mmoja. Mzigo ukifunguliwa, jozi sita zina madoa, na mwenye duka anakataa kuzilipia. Hasara ni Sh240,000, sawa na nauli 40 za safari ile. Mama wa Busia hana wa kumdai. Kampuni ya gari iliufikisha mzigo mkavu, mwendeshaji hakusaini chochote, na mnunuzi hajavunja makubaliano.

Sasa mzigo huohuo upangwe upya. Viatu vifungwe kwenye mfuko wa nailoni mzito kabla ya kuingia boksini. Mtu wa mjini aupokee saa 11:45 na aulaze dukani kwake kwa Sh5,000. Asubuhi saa tatu, msongamano ukiwa umepungua na kukiwa na mwanga, mwendeshaji aukague pamoja na mpokezi, wapige picha mbili za boksi, moja ikionyesha namba ya pikipiki, na waandike kwenye karatasi moja idadi, hali ya mzigo, saa na jina. Mwenye duka alipe nusu kwa simu kabla mzigo haujaondoka, na nusu akishahesabu. Mwendeshaji aongezwe Sh1,000 kwa kila dakika 15 atakazosubirishwa, na ajue hivyo mapema.

Gharama imeongezeka kwa Sh5,000, pengine 7,000. Hatari ya Sh240,000 haijaondoka kabisa, ila sasa ina mwenyewe. Boksi likilowa, karatasi inaonyesha lilikuwa mikononi mwa nani.

Si kila mzigo unaweza kulala. Samaki, maziwa na mboga haviwezi, na mnunuzi mwingine atanunua kwa jirani akicheleweshewa mpaka asubuhi. Kwa mizigo hiyo, bora kusubiri hadi baada ya saa mbili usiku, barabara ikiwa imepungua magari na macho yameshazoea giza, kuliko kuusukuma uende saa 12:45. Malipo ya simu pia yana makato: Uganda hutoza ushuru wa asilimia 0.5 ya fedha zinapotolewa kwa wakala, na mnunuzi na muuzaji wakubaliane mapema nani ataubeba.

Yapo yasiyo mikononi mwa mfanyabiashara. Hawezi kuweka taa barabarani Kamwokya, wala kushusha marejesho ya kila siku yanayomsukuma mwendeshaji kukimbizana na machweo. Wala hawezi peke yake kuunda karatasi ya mzigo itakayotambuliwa Busia, Kampala na Nairobi vilevile. Kazi hiyo ya tatu ni ya Jumuiya, nayo si ngumu kuliko cheti rahisi cha uasilia ambacho tayari kinafanya kazi. Fomu ya ukurasa mmoja inayomfuata mwenye mzigo kutoka mpakani hadi mlangoni mwa mnunuzi, ikitambuliwa na wadhibiti wote watatu, ingemaliza ubishi mwingi unaoishia leo kwa simu isiyopokelewa.

Bodaboda yenyewe ilizaliwa mpakani. Jina lake lilitokana na waendesha baiskeli wa miaka ya 1960 waliovusha watu na mizigo kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine, upande wa Busia na Malaba, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Enzi hizo mwenye mzigo alikaa juu ya mzigo wake mpaka ng'ambo. Siku hizi mzigo huenda peke yake, na mwenyewe hubaki Busia akitazama simu.